Bango la utafiti lililojaa maneno: lipangwe upya kwa safu tatu, au ujumbe mkuu uwekwe katikati?

Binti mmoja wa shahada ya uzamili katika kilimo aliniletea bango lake siku nne kabla ya kongamano la chuo. "Shikamoo mwalimu. Limekwisha, kesho nalipeleka kuchapishwa. Naomba uniangalizie makosa ya tahajia tu."

Tahajia haikuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba nilisoma utangulizi, nikahamia kisanduku kilichofuata upande wa kulia, nikajikuta katikati ya jedwali la matokeo kabla sijajua mahindi yalihifadhiwa wapi, kwa muda gani, wala nani aliyahesabu. Nilirudi kutafuta mbinu za utafiti. Zilikuwa chini ya utangulizi, kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilinibidi nisogeze kiti karibu na kioo cha kompyuta.

Utafiti wenyewe ni mzuri na ndiyo maana uliniuma. Aliweka mahindi kwenye mifuko ya salfeti ya kawaida na mengine kwenye mifuko isiyopitisha hewa, akayafuatilia miezi sita kuona fukusi na dumuzi wanafanya nini. Namba zake sizitaji hapa kwa sababu bado hajazichapisha. Bango lilikuwa kwa Kiingereza, kama mengi ya vyuo vyetu. Mifano ya maneno ninayotoa hapa nimeiweka kwa Kiswahili.

Tulikuwa na njia mbili za kuliokoa, na siku zile nne tulizitumia kuzijaribu zote. Ya kwanza ni bango la safu: linabaki na sehemu zake zote zinazojulikana, lakini linapunguzwa maneno na kupangwa upya ili jicho lijue pa kwenda. Ya pili ni bango la ujumbe katikati, ambalo sentensi moja kubwa inayosema kilichogunduliwa inachukua sehemu kubwa ya karatasi, na maelezo yanasogezwa pembeni. Mtindo huu wa pili ulienea mwaka 2019, baada ya Mike Morrison, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, kutoa video ya kuupendekeza. Tangu hapo wanafunzi wengi wameushika kama dawa ya kila bango. Kwa baadhi ya mabango ni dawa kweli.

Kwanza tuone bango la binti huyu liliumwa nini, maana uchaguzi unategemea hilo.

Lilikuwa la ukubwa wa A0, limelazwa: upana sentimita 118.9, kimo sentimita 84.1. Nilimwomba tuhesabu maneno. Yalifika 1,640. Ikisiri peke yake 250, utangulizi 310, malengo 110, mbinu 380, maelezo ya matokeo 180, mjadala 210, hitimisho 90, marejeleo pamoja na shukrani 110. Mtu anayesoma maneno 200 kwa dakika, tena amesimama na begi begani huku watu wakimpita, angehitaji zaidi ya dakika nane. Hakuna anayesimama dakika nane kwenye bango moja kama hajaja kwa ajili yako.

Ili maneno hayo yote yaingie pamoja na majedwali mawili, ramani na picha nne, alikuwa ameshusha herufi mpaka pointi 20. Kwenye kioo cha kompyuta, ukikuza, pointi 20 inaonekana kubwa. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji ujuzi wowote: chapisha bango zima kwenye karatasi moja ya A4. Kutoka A0 kwenda A4, kila urefu unagawanywa kwa nne, kwa hiyo herufi ya pointi 20 inakuwa pointi 5. Shika karatasi hiyo sentimita 50 kutoka machoni. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwenye bango lenyewe. Binti aliishika, akaisogeza puani, akairudisha mezani. Hakusema kitu.

La pili lilikuwa mpangilio. Alikuwa na visanduku tisa, karibu vyote vya ukubwa mmoja, kila kimoja na mpaka mnene wa kijani, na nafasi kati ya kisanduku na kisanduku ilikuwa sentimita 2 pande zote, juu, chini, kushoto na kulia. Hapo ndipo njia ya kusoma inapopotea. Jicho huunganisha vitu vilivyo karibu karibu. Wanasaikolojia wa Ujerumani, Max Wertheimer akiwa mmoja wao, waliliandika jambo hili tangu miaka ya 1920. Nafasi zikilingana pande zote, kisanduku cha chini na kisanduku cha kulia vina haki sawa ya kuwa "kinachofuata". Yeye alikusudia msomaji ashuke. Mimi nilikwenda kulia.

Tulilithibitisha kwa kidole. Niliita wenzangu watatu, mmoja mmoja, nikawapa ile karatasi ya A4 na kuwaomba wapitishe kidole kwenye visanduku kwa mpangilio wanaodhani ni wa kusoma. Wawili walikwenda kulia. Wa tatu alishuka, kisha alipofika chini akapanda hadi kwenye picha ya ghala kwa sababu ilikuwa na rangi. Binti aliuliza kama akiweka mishale itasaidia. Mishale niliikataa, na naikataa mpaka leo. Bango likihitaji mishale ya kuelekeza msomaji, mpangilio wake unasema jambo moja na mshale unasema jingine, na msomaji mwenye haraka hufuata mpangilio.

Sasa njia ya kwanza.

Bango la safu

Nguvu ya safu ni kwamba watafiti wameshazizoea. Akiona safu tatu zilizotenganishwa vizuri, anajua aanzie juu kushoto, ashuke hadi chini, kisha apande juu ya safu ya pili. Pia zinafaa kwa jinsi watu wanavyosimama ukumbini. Anayesoma safu ya kwanza yuko kushoto, aliyetangulia ameshasogea kulia, na wote wanasonga upande mmoja. Ukipanga kwa mistari inayokatiza bango zima, kila msomaji analazimika kwenda kulia na kurudi kushoto, na watu watatu tu wakifika mnagongana mabega.

Ili safu zionekane kuwa safu, nafasi kati ya safu na safu lazima iwe kubwa waziwazi kuliko nafasi kati ya sehemu zilizopangana ndani ya safu moja. Tuliweka sentimita 5 kati ya safu, na sentimita 2 kati ya sehemu. Mipaka ya kijani tuliifuta yote. Mabadiliko hayo mawili tu, kabla hata hatujagusa neno, yalibadilisha jaribio la kidole: wote watatu walishuka.

Kisha ukubwa wa herufi. Ukitoa sentimita 4 za ukingo kila upande na zile nafasi mbili za sentimita 5, kila safu inabaki na upana wa karibu sentimita 33.6. Kwa herufi za pointi 32, mstari mmoja unabeba herufi kama 60, na jicho linarudi mwanzoni mwa mstari unaofuata bila kupotea. Kwa pointi 20 za awali, mstari ulikuwa unabeba herufi zaidi ya 90. Ukifika mwisho wa mstari wa namna hiyo unarudi na kusoma tena uliokwisha kuusoma.

Kazi ngumu ilikuwa kukata. Watu hudhani kukata ni kufupisha kila sentensi kidogo kidogo. Ukifanya hivyo unatoka maneno 1,640 hadi 1,300, unachoka, na bango linabaki lile lile. Inabidi kuuliza kila sehemu inafanya kazi gani ambayo haifanywi mahali pengine.

Ikisiri iliondoka yote. Imeshachapishwa kwenye kitabu cha ikisiri cha kongamano, na bango lenyewe ni ikisiri iliyokuzwa. Kuna makongamano yanayolazimisha ikisiri kuwa kwenye bango, kwa hiyo soma maelekezo kwanza, lakini haya yetu hayakulazimisha. Utangulizi ulianza na umuhimu wa mahindi duniani, ukashuka Afrika, ukashuka Tanzania, ukafika kwenye tatizo katika aya ya nne. Tulianza na aya ya nne. Maneno 310 yakawa 60. Malengo manne, lengo kuu moja na mahususi matatu, yakawa swali moja la maneno 25: je, mfuko usiopitisha hewa unazuia wadudu kwa miezi sita bila dawa, kwenye ghala la mkulima wa kawaida?

Mbinu ndizo tulizobishania. Alitaka kuacha kila kitu kwa sababu msimamizi wake alimwambia mbinu ndiyo moyo wa utafiti. Ni kweli, lakini moyo huo unaonekana vizuri zaidi ukichorwa. Tulichora hatua nne kutoka kushoto kwenda kulia: kujaza mifuko, kuhifadhi, kuchukua sampuli kila mwezi, kuhesabu punje zilizotobolewa na kupima unyevu. Chini ya kila mchoro yalikaa maneno machache yenye namba zake. Jumla maneno 90 badala ya 380, na mtu wa fani yake hakukosa chochote alichohitaji ili kuamua kama anauamini utafiti.

Jedwali kubwa la matokeo lilikuwa na mistari 24. Nilimwuliza, "Ukiwa na mtu kwa dakika moja, unamwonyesha mstari upi?" Akaonyesha miwili: asilimia ya punje zilizotobolewa kwenye salfeti na kwenye mfuko usiopitisha hewa, mwezi hadi mwezi. Basi hiyo ndiyo grafu. Mistari miwili, pamoja na alama za kiwango cha kosa juu na chini ya kila nukta, na jina la kila mfuko limeandikwa mwishoni mwa mstari wake. Kisanduku cha ufunguo wa rangi tulikiondoa, maana kinamlazimisha msomaji atazame mstari, aende kwenye ufunguo, arudi, na kila safari ni nafasi ya kusahau. Jedwali zima tulilichapisha kwenye karatasi za A4, nakala 20, zikatundikwa kwenye bahasha chini ya bango kwa anayezitaka.

Mwisho maneno yalikuwa 460. Kwa pointi 32 yanachukua kama sentimita 70 za safu, na safu zote tatu kwa pamoja zina zaidi ya sentimita 180 za kimo. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya bango ilibaki kwa ajili ya grafu, michoro, vichwa vya habari na uwazi. Uwazi huo usijazwe. Mara nyingi mtu akiona pengo anaingiza picha yake akiwa shambani.

Udhaifu wa bango la safu haumalizwi na mpangilio mzuri. Mtu anayepita mita nne mbali haoni ulichogundua. Anaona kichwa cha habari, na kichwa cha habari cha kitaaluma kwa kawaida kinaeleza ulichofanya: "Tathmini ya Ufanisi wa Mifuko..." na kuendelea. Ili apate jibu inabidi asimame, na ili asimame inabidi awe ameshavutiwa. Bango la safu linategemea subira ya msomaji kabla halijampa sababu ya kuwa na subira.

Bango la ujumbe katikati

Hapa mambo yanageuka. Tulichukua A0 ile ile iliyolazwa tukaigawa: ukanda wa kushoto sentimita 28, katikati sentimita 66, ukanda wa kulia karibu sentimita 25. Katikati kuna rangi moja tulivu na sentensi moja: "Mahindi kwenye mfuko usiopitisha hewa yalibaki salama miezi sita; kwenye salfeti wadudu waliyatoboa." Kwa herufi za pointi 130 inakaa kwenye mistari mitano na inasomeka ukiwa mita nne au tano. Chini yake ikakaa ile grafu ya mistari miwili. Ukanda wa kushoto unabeba muhtasari wa anayetaka kusoma peke yake: tatizo, mbinu, matokeo, kwa maneno 150 hivi. Ukanda wa kulia ni wa mwandishi mwenyewe, mahali pa kuweka jedwali au mchoro ambao atauonyesha kwa kidole mtu akimwuliza swali. Na kuna msimbo wa QR unaompeleka msomaji kwenye makala kamili.

Tatizo la njia ya kusoma hapa linakwisha lenyewe, kwa kuwa kitu cha kwanza ni kimoja tu na ni kikubwa kuliko vyote. Nilirudia jaribio la kidole, na vidole vyote vitatu vilitua katikati. Kisha nikawageuzia karatasi baada ya sekunde kumi na kuwauliza, "Amegundua nini?" Wote walijibu. Kwa bango la safu, hata lile lililosafishwa, mmoja tu alijibu sawasawa ndani ya sekunde kumi.

Lakini mtindo huu unadai mambo ambayo wanafunzi huyagundua wakiwa wameshachelewa.

Kwanza unadai uwe na ugunduzi unaotosha sentensi moja. Binti huyu alikuwa nao. Mwenzake aliyekuwa akichunguza sababu sita zinazowafanya wakulima wasinunue mifuko hiyo hakuwa nao. Kila alipojaribu kuandika sentensi ilitoka ama pana isiyo na maana, "sababu ni nyingi", ama ya uongo, kwa sababu ilikuza sababu moja na kuzika tano. Utafiti wa maelezo ya watu, au ambao data zake bado zinakusanywa, usiulazimishe kwenye umbo hili.

Pili, sentensi kubwa inasahau mipaka yake. Soma tena ile ya katikati. Haisemi ni ghala la wapi, msimu gani, wala kama mahindi yalikaushwa vizuri kabla ya kuwekwa. Mtu wa kwanza kulisoma, mwalimu mmoja wa uhifadhi wa mazao, aliuliza hapo hapo: "Na kama punje zina unyevu?" Swali la haki kabisa, maana mahindi mabichi yakifungiwa pasipo hewa yanaota ukungu na kuvunda hata kama wadudu wamekufa. Tuliongeza neno moja, "makavu", ili isomeke "mahindi makavu", na mstari mdogo chini yake unaotaja eneo na msimu. Ukiandika bango la namna hii, mwombe mtu mwenye fani yako na asiye rafiki yako aisome sentensi hiyo tu, aitafutie kosa.

Tatu, zile kanda za pembeni. Ukanda wa sentimita 28, ukitoa ukingo, hauna nafasi kwa herufi za pointi 32. Utashuka hadi 24. Inakubalika. Hatari ni kwamba ukishaanza kushuka unaendelea, na maneno uliyoyafukuza katikati yanarudi kupitia ukanda wa kulia. Nimeona mabango ambayo katikati ni safi na pembeni kuna maneno 900 ya pointi 14. Ni ugonjwa ule ule uliohamia mbavuni.

Nne, msimbo wa QR. Unafaa pale tu ambapo kuna kitu upande wa pili na mtu ana bando la kukifikia. Makala ya binti ilikuwa bado haijatoka, kwa hiyo msimbo ungempeleka msomaji kwenye faili lililohifadhiwa mahali fulani mtandaoni, na faili hilo huenda likawa limefungwa mtu akibofya. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine, kwa sababu simu yako mwenyewe imeshaingia kwenye akaunti yako na itafungua kila kitu. Kama huna uhakika, zile karatasi 20 za A4 zinafanya kazi hiyo vizuri.

Nikiziweka pamoja, tofauti zilizotuathiri sisi ni hizi:

| | Safu tatu | Ujumbe katikati |
|---|---|---|
| Jicho linaanzia wapi | Juu kushoto, ikiwa nafasi kati ya safu ni kubwa | Katikati, bila kuelekezwa |
| Maneno | Kama 460 | Kama 250 |
| Herufi za maelezo | Pointi 32 | Pointi 24 |
| Anayepita mbali anapata nini | Mada | Jibu |
| Mtaalamu anayekagua | Anapata mbinu zote mahali pamoja | Anahitaji mwandishi awepo |
| Linapoharibika | Maneno yanarudi, safu zinabanana | Sentensi inadai kuliko data |

Mstari wa tano wa jedwali hilo ndio ulioamua.

Kongamano lake lilikuwa na majaji, na karatasi ya alama ilitolewa mapema. Ilikuwa na alama za utangulizi, za mbinu, za matokeo, za hitimisho, kila moja kivyake. Jaji anayetembea na karatasi hiyo anatafuta vichwa hivyo vya habari, na asipoviona kwa majina yake anakata alama kabla hujafungua mdomo. Pia majaji walipita asubuhi kabla ya muda wa waandishi kusimama kwenye mabango yao, kwa hiyo bango lilipaswa kujitetea lenyewe. Na binti mwenyewe alitaka maoni kuhusu jinsi alivyopima unyevu, maana alikuwa anaandika sura hiyo ya tasnifu. Maoni ya namna hiyo hayapatikani kama mbinu ziko pembeni kwa herufi ndogo.

Nilimshauri safu tatu, na akakubali, lakini kwa sharti moja ambalo lilikuwa wazo lake na lilikuwa zuri kuliko langu. Kichwa cha habari kilipaswa kufanana na kile kilichomo kwenye kitabu cha ikisiri, kwa hiyo hatukuweza kukigeuza kuwa jibu. Alikipunguza kikawa pointi 72, na chini yake, kukatiza upana wote wa bango juu ya safu zote, akaweka ile sentensi ya ugunduzi kwa pointi 90, yenye "mahindi makavu" na eneo lake. Kwa hiyo jibu likawa kubwa kuliko kichwa cha habari. Niliogopa kwamba ukanda huo mlalo utavuruga njia ya kusoma tuliyokuwa tumeipigania. Jaribio la kidole likaonyesha haukuvuruga: vidole vilipita kwenye sentensi, vikashuka safu ya kwanza kama kawaida. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa na rangi yake peke yake na nafasi ya sentimita 4 chini yake, ukawa kama sehemu ya kichwa cha habari.

Kama ukumbi wako hauna majaji, mabango ni mengi, wasomaji wanatoka fani mbalimbali na wewe utakuwa umesimama hapo muda wote, basi chagua ujumbe katikati bila kusita. Kukiwa na majaji na karatasi ya vipengele, au ukitaka ukosolewe mbinu zako, chagua safu.

Kuna jambo moja la kupima kabla ya yote hayo, na sisi tulikaribia kulisahau: ubao. Kabla hajapeleka faili kuchapishwa nilimwambia asome tena maelekezo ya waandaaji. Upana wa mbao haukuwa umetajwa, ikabidi apige simu. Aliambiwa ni sentimita 120, kwa hiyo bango la 118.9 lilipona kwa sentimita moja. Ungekuwa ubao wa sentimita 90 uliosimama, mpango wote ungebadilika. Bango la A0 lililosimama lina upana wa sentimita 84.1, safu tatu zingebaki na sentimita 22 kila moja, ambazo kwa pointi 32 hazifiki herufi 40 kwa mstari, na sentensi zinakatikakatika. Hapo ni safu mbili za sentimita 35. Na kwa mtindo wa pili, "katikati" inahamia juu: theluthi ya kwanza ya bango ndiyo inayobeba sentensi, kwa kuwa sehemu ya chini ya bango lililosimama iko usawa wa magoti na hakuna anayeinama. Huko chini weka marejeleo na shukrani.

Kuhusu PowerPoint ni maneno machache. Weka ukubwa wa ukurasa kabla hujaandika herufi ya kwanza. Programu hiyo inaruhusu hadi sentimita 142.24, kwa hiyo A0 inaingia yote. Na dukani peleka PDF, maana faili la kawaida likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, mistari yote inahama na safu ulizozipima zinabomoka mbele ya mtu ambaye hajui zilikuwaje.

Mwezi Agosti binti yule alipata nafasi ya kuonyesha utafiti huo huo kwenye maonyesho ya Nane Nane. Alitaka kubeba bango lile lile kwa kuwa lilishachapishwa na hela ilishatumika. Tulilitazama tena tukiwa na wasomaji wapya kichwani: wakulima, wafanyabiashara wa nafaka, maofisa ugani, wanafunzi wa sekondari waliovalia sare wakipita kwa makundi. Hakuna jaji hapo, na hakuna anayetafuta neno "mbinu". Akachapisha jingine, dogo, la A1, kwa Kiswahili, la mtindo wa ujumbe katikati. Herufi za sentensi zikashuka kidogo kwa sababu ya karatasi, zikabaki zinasomeka kutoka njiani.

Ukanda wa kulia, ule wa majedwali ya mwandishi, aliuacha mtupu kwa siku mbili akitafuta cha kuweka. Nilimpendekezea ramani ya vijiji. Alikataa. Akabandika hapo vifuko viwili vya plastiki vinavyoonyesha ndani, kimoja chenye konzi ya mahindi kutoka kwenye mfuko usiopitisha hewa, kingine chenye mahindi ya salfeti ya mwezi wa sita, yaliyotoboka, na unga mweupe umetulia chini. Watu walivigusa kabla hawajasoma neno lolote, kisha wakainua macho kwenye sentensi.